Posti ya Jumatatu, Posti ya Alhamisi

Pale kliniki ya mifugo walimwita Mkasi, na jina lilimkaa sawasawa. Si kwamba alikuwa na mdomo mkali, la hasha. Kwa mdomo alikuwa mpole kiasi kwamba wateja wakorofi walimwonea, na hata paka wa kulazwa walikuwa wanamjibu. Ukali wake ulikuwa kwenye maandishi. Mpe maneno elfu mbili, atakurudishia mia mbili, na utaapa kwamba hakuna kilichopotea. Jina hilo alipewa na daktari mwenyewe, siku alipoona makala yake ndefu ya kupe imegeuzwa kuwa sentensi nne na picha moja, na watu wakaielewa kuliko walivyowahi kumwelewa yeye ana kwa ana.

Alikuwa ameanza kazi hapo miaka tisa nyuma, akiosha vizimba na kufua mataulo. Baadaye akakaa mapokezi, akijibu simu na kupanga miadi. Kisha siku moja daktari akabandika mlangoni tangazo la chanjo ya kichaa cha mbwa, kurasa mbili nzima, herufi kama chawa. Watu wakawa wanapita tu. Mkasi akachana ubavu wa boksi la glavu, akaandika kwa kalamu nene: "Chanjo ya kichaa cha mbwa, Jumamosi asubuhi. Njoo na mbwa wako, amefungwa kamba." Jumamosi hiyo foleni ilitoka nje ya geti ikafika barabarani. Basi tangu hapo maneno yote ya kliniki yakawa mikononi mwake, pamoja na mataulo pale msichana wa usafi anapougua.

Daktari naye, tumseme kidogo maana hayupo hapa kutusikia, alikuwa mtu mwema na bingwa wa kazi yake, lakini hakujua kufupisha. Ukimuuliza choo kiko wapi, ataanza kukueleza bomba lilikopita. Kila mwezi aliandika makala moja ndefu kwa tovuti ya kliniki, akiiandika kwa mkono kwenye daftari la hesabu, na Mkasi akaichapa. Kisha kazi yenyewe ikaanza. Makala moja ilitakiwa itoe posti tano za mitandaoni, moja kila siku kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Video moja ya sekunde arobaini na tano. Na jarida fupi la barua pepe kwa wateja wenye kadi, lenye linki ya kwenda kwenye makala nzima. Mti mmoja, alikuwa akisema Mkasi, lakini lazima upate kiti, meza na kijiko.

Mwezi ule makala iliitwa "Mbwa Akitapika: Lini Usubiri, Lini Ukimbie". Ilikuwa nzuri kweli. Daktari alikuwa amechoka na watu wa aina mbili: wanaokuja wanahema kwa sababu mbwa mzima amekula majani akatapika mara moja, na wanaokuja siku ya nne na mbwa aliyebaki ngozi. Akaandika aya moja ambayo Mkasi aliipigia mstari wa kijani tangu mwanzo, kwa sababu ndiyo iliyobeba makala yote. Ilisema kwamba mbwa mkubwa, mwenye chanjo kamili, akitapika mara moja na bado anachangamka, mpumzishe tumbo nusu siku, mpe maji kidogo kidogo, mwangalie kwa siku nzima. Na papo hapo, bila hata kuruka mstari, ikaendelea: lakini mtoto wa mbwa, au yeyote ambaye hajamaliza chanjo zake, hana siku ya kusubiri, mlete leo hii, maana parvo, ule ugonjwa wa kuhara damu, huanza hivyohivyo na huua haraka.

Mkasi akachora jedwali lake kama kawaida. Posti ya Jumatatu: usihangaike, mpe siku moja. Jumanne: vitu vya kutompa, yaani maziwa, mafuta na dawa za binadamu. Jumatano: dalili za hatari. Alhamisi: watoto wa mbwa. Ijumaa: kadi ya chanjo na namba ya simu. Kila posti jambo moja tu, kwa sababu aliwahi kusoma, na aliamini, kwamba mtu anayeperuzi simu kwa kidole gumba hashiki mambo mawili. Ile aya ya kijani ikakatwa katikati. Nusu ya juu ikaenda Jumatatu, nusu ya chini ikaenda Alhamisi.

Posti ya Jumatatu ilikuwa tamu, hilo lazima tumpe. Picha ya mbwa wa kahawia anayeangalia juu kwa macho ya kuonewa, na maneno: "Ametapika? Usihangaike. Pumzisha tumbo lake nusu siku. Maji kidogo kidogo. Mwangalie siku moja nzima." Neno "mkubwa" lilikuwepo kwenye rasimu ya kwanza. Akaliondoa kwa sababu lilisukuma mstari ukagusa sikio la mbwa kwenye picha. Neno moja, jamani.

Video waliirekodi kwenye chumba cha nyuma, simu ikiwa imeegemezwa kwenye maboksi ya sindano. Daktari alijitahidi, maskini, akafika hadi sekunde hamsini na nane. Zile kumi na tatu za ziada ndizo alizosema, huku amenyoosha kidole, "Lakini mtoto wa mbwa, hapana, huyo usimsubirishe." Na hapohapo mbwa mmoja kizimbani akabweka, sauti ikaharibika.

"Turudie, Dokta?" Mkasi akauliza.

"Nina upasuaji, mama. Utaona mwenyewe namna ya kufanya."

Akaona. Akakata pale kabla ya mbweko, video ikaisha vizuri kwenye "mwangalie siku moja nzima", sekunde arobaini na nne. Na tuseme ukweli wote: mkono ulisita. Kwa muda mfupi alijiuliza, na wale wadogo je? Akajijibu, wadogo wana siku yao Alhamisi. Kisha akabonyeza.

Hakuna kilichorushwa bila daktari kujua. Kila kitu kilipita mikononi mwake, ndiyo sheria ya pale. Mkasi alimchapishia posti zote tano kwenye karatasi moja, moja chini ya nyingine, pamoja na rasimu ya jarida. Daktari akazisoma amesimama, kofia ya upasuaji kichwani. Kwenye karatasi ile "usihangaike" ilikuwa juu na "mlete leo hii" ilikuwa chini kidogo, upana wa viganja viwili. Jarida nalo, la wenye kadi tu, lilikuwa na yote mawili. Akaona kila kitu kipo, akaandika pembeni: "Safi. Rusha." Hakuna aliyefikiri kwamba mteja hataiona karatasi. Mteja ataiona Jumatatu peke yake, kisha atasubiri siku tatu.

Mkasi akapanga zote zitoke zenyewe, kila siku saa sita mchana, akaenda zake kupima uzito wa sungura.

Sasa kuna mama yake Mkasi. Fundi cherehani, mjane, anakaa upande wa pili wa mji, mwendo wa nusu saa kwa pikipiki. Mama huyu alikuwa msomaji nambari moja wa kliniki ile. Posti haijamaliza dakika mbili hewani, yeye ameshaweka moyo mwekundu, ameshaituma kwenye kundi la mafundi, kundi la ukoo na kundi la majirani, na chini ameandika: "Haya ni maandishi ya binti yangu." Hata posti za minyoo alizituma. Mkasi aliona aibu kidogo, lakini usiku alihesabu mioyo na wa kwanza kuutafuta ulikuwa huo.

Na mama alikuwa na mbwa. Wiki tatu kabla, mtu asiye na haya aliacha boksi getini mwa kliniki na watoto wanne wa mbwa ndani. Watatu walipata watu wa kuwachukua. Wa nne, mwenye tumbo mbele na mwendo wa kwenda kufungua mkutano, Mkasi alimchanja chanjo ya kwanza akampelekea mama, maana nyumba ilikuwa kimya tangu mdogo wake Mkasi wa mwisho aolewe. Mama akamwita Mheshimiwa. Alimshonea godoro la vipande vya vitambaa, na alikuwa akimwambia mteja, "Ngoja kidogo, Mheshimiwa amelalia kitambaa chako." Chanjo ya pili ilikuwa Jumamosi ya wiki hiyohiyo.

Jumatatu saa sita posti ikatoka. Mama akaweka moyo. Saa tisa Mheshimiwa akatapika.

Angekuwa mama mwingine angepiga simu. Huyu alikuwa na maandishi ya binti yake mkononi. Akaondoa chakula. Akampa maji kwa kijiko cha chai. Akakokota kiti cha cherehani mpaka kwenye godoro, akakaa akimwangalia, akaitazama na ile video mara tatu ili asikosee. Usiku mbwa akatapika tena. Alfajiri akagoma kusimama. Mama akatazama saa: siku moja nzima bado haijatimia. Akaitimiza. Jumanne saa tisa na dakika chache, akapiga.

"Mwanangu, uko kwenye kazi? Samahani. Ni huyu Mheshimiwa. Ametapika tangu jana na sasa anahara damu."

"Tangu jana? Mama! Mbona hukunipigia?"

"Si mlisema siku moja? Nikaona umeshaandika, nikasema nisikusumbue nikuulize kitu ulichokwisha jibu."

Mkasi alikuwa amesimama mapokezi na wateja wawili mbele yake. Alisema tu, "Mlete, mama. Chukua pikipiki, mlete sasa hivi."

Mama alifika na kapu la vitambaa mapajani, Mheshimiwa ndani yake. Kipimo kikaonyesha parvo. Wakamweka chumba cha kutengwa, dripu mguuni, glavu, viatu vya plastiki, dawa ya kuua vijidudu mlangoni. Mama hakuruhusiwa kuingia. Akakaa kwenye benchi la ukumbini, kapu tupu limefungwa kwenye mfuko. Daktari akatoka, akavua glavu.

"Tutapambana, mama. Amechelewa, lakini tutapambana."

"Amechelewa?" mama akasema. "Daktari, nimefanya vilevile mlivyosema. Sikuzidisha wala sikupunguza."

Daktari akamtazama mama, akamtazama Mkasi. Hakuelewa. Kichwani mwake alikuwa na makala nzima, na ndani ya makala nzima mama yule alikuwa amekosea. Akampigapiga begani, akasema kwa upole, "Haya mambo hutokea, mama. Wengi husoma haraka." Akaenda.

Hapo ndipo Mkasi alipopaswa kusema. Maneno yalikuwa machache, naye ndiye fundi wa maneno machache: Hukukosea, mama. Nimekata mimi. Hakuyasema. Alijiambia, akipona nitamwambia tukiwa tunacheka. Alijiambia, nisimwongezee uchungu sasa. Kila mtu anayekwepa jambo ana sababu nzuri, na Mkasi alikuwa nazo mbili. Mama akarudi nyumbani akiamini kwamba hakusoma vizuri, na ile posti ya Jumatatu Mkasi hakuigusa, kwa sababu kuifuta kungekuwa kusema. Ikaendelea kushewa, Jumanne yote na Jumatano yote.

Jumatano Mheshimiwa alifungua macho na kutikisa mkia mara moja. Mkasi alimpigia mama simu akamwambia hilo. Alhamisi asubuhi, saa nne, Mheshimiwa akafa. Mkasi ndiye aliyeitoa dripu. Alimfunga kwenye taulo ambalo alilifua mwenyewe.

Mama alikuja na kitambaa cheupe alichokipinda kingo zote nne, wakamfungia Mheshimiwa ndani yake. Daktari akamweleza namna ya kusafisha nyumba, asilete mbwa mwingine mdogo kwa miezi, achome godoro lile. Mama akaitikia ndiyo, ndiyo, kama mwanafunzi aliyefeli anayepewa masahihisho. Kisha akakaa kwenye benchi kungoja pikipiki, na Mkasi akakaa kando yake.

"Mimi ndiye niliyemuua," mama akasema. "Lazima mliandika mahali, mimi sikuona. Macho haya siku hizi."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nisemeje sasa?"

Mkasi akafungua mdomo. Jamani, alikuwa karibu. Wallahi, alikuwa anavuta pumzi ya kuanza.

Saa ya ukutani ilikuwa saa sita. Simu ya mama ikalia mkobani, mlio uleule wa kila siku. Na mama, kwa mazoea tu, maana mkono una mazoea hata moyo ukiwa umevunjika, akaitoa, akavaa miwani, akasoma kwa sauti, polepole, kama alivyosoma kila kitu cha binti yake:

"Mtoto wa mbwa hana siku ya kusubiri. Hajamaliza chanjo na ametapika hata mara moja? Mlete leo hii."

Chini yake kulikuwa na picha ya mbwa mdogo mwenye utepe. Mama hakuweka moyo. Alirudi nyuma kwa kidole mpaka Jumatatu, akaisoma ile nayo yote, midomo ikitikisika. Akarudi tena Alhamisi. Kisha akavua miwani.

"Haya maneno mlikuwa nayo Jumatatu?"

"Ndiyo, mama."

"Yalikuwa wapi?"

"Yalikuwa pamoja. Kwenye makala ni aya moja. Niliyakata mimi, nikayapa siku mbili tofauti."

"Na juzi, hapa, nilipomwambia daktari sikuzidisha wala sikupunguza. Ulikuwa unajua?"

Mkasi akalia. Hakujificha, alilia pale ukumbini mbele ya mtu mwenye paka. "Nilikuwa najua. Nisamehe, mama. Niliogopa."

Mama hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu kama angepiga. Alitoa leso mkobani akampa afute uso, kama angempa mteja. Pikipiki ilipofika alipanda, akakipakata kile kifurushi cheupe, akasema tu, "Kaendelee na kazi, watu wanakusubiri."

Mkasi akaenda moja kwa moja kwa daktari na karatasi ile yenye "Safi. Rusha." Akamweleza yote, na mbweko na neno lililogusa sikio. Daktari akaisoma tena karatasi, juu hadi chini. Kisha kwa mara ya kwanza katika maisha yake akasema jambo kwa ufupi: "Nimesaini mimi." Wakaifuta posti ya Jumatatu na ile video. Wakarusha nyingine, bila picha, maneno matupu: kwamba walichosema Jumatatu hakikukamilika, kwamba kilikuwa cha mbwa wakubwa wenye chanjo tu, kwamba wanaomba radhi. Ile ya makosa ilikuwa imeshashewa mara mia tatu na ushei. Ya radhi ilishewa mara kumi na tisa. Na zile ambazo mama alizituma kwa mafundi, ukoo na majirani zilibaki hukohuko, na jina "binti yangu" chini yake, kwa sababu ukifuta kwako hufuti kwa mtu.

Mkasi hakuacha kazi, wala hakufukuzwa. Ila anafanya tofauti. Sasa ushauri na "lakini" yake havitenganishwi, hata kama mstari utamkanyaga mbwa wa pichani uso mzima. Kila posti huichapisha kwenye karatasi yake peke yake, akampelekea mlinzi wa getini, ambaye hajasoma makala na wala hataki kuisoma. Anamuuliza, "Ukiona hii tu, utafanya nini?" Mlinzi akijibu vibaya, anarudi kuandika upya. Mlinzi analalamika kwamba anafanyishwa mitihani na mshahara ni uleule wa mlinzi, lakini anafanya.

Mama alimsamehe, alisema hivyo mwenyewe wiki ya pili, na ni mtu wa kusema anachomaanisha. Jumapili wanakula pamoja. Anauliza habari za kazi. Ile mioyo myekundu imerudi pia, si kila siku, lakini imerudi.

Mwezi uliopita Mkasi alikwenda hospitali kupima tumbo lililokuwa likimsumbua. Majibu yakatoka mazuri. Kidonda kidogo, dawa za wiki mbili, basi. Akatoka nje ya geti la hospitali akampigia mama hapohapo, ana furaha, hakutaka asubiri hata dakika.

"Mama, nimeshatoka. Daktari anasema ni kitu kidogo tu, nitapona."

Upande wa pili cherehani ikasimama.

"Amesema hivyo tu?" mama akauliza. "Au umenifupishia?"

"Ni hivyo tu, mama. Haki ya Mungu, ndiyo yote."

"Haya," mama akasema. "Ukija Jumapili, njoo na karatasi yenyewe niisome."